Bakuli na mstatili kwenye chati za altikoini: namna ya kujua msingi umeiva

Kwenye magrupu ya kutredi, kila koini iliyoanguka na kunyamaza miezi mitatu huitwa "msingi". Mtu anapiga picha ya chati, anachora kibox cha njano, anaandika "imelala, inajiandaa kupaa". Nyingi ya koini hizo hazijiandai na lolote, zimechoka tu. Hapa chini naonyesha ninavyozipima, kwa kutumia chati moja ambayo kila mtu anaweza kuifungua mwenyewe: Solana, kuanzia Novemba 2022 hadi Novemba 2023. Nimeichagua kwa sababu ina maumbo yote mawili, mstatili na bakuli, na ina jaribio la uongo katikati lililowaumiza wengi.

Hatua ya 1: Weka chati sawa kabla ya kuchora chochote

Fungua `BINANCE:SOLUSDT` kwenye TradingView, chagua mishumaa ya wiki, kisha bonyeza `Alt + L` ili bei ioneshwe kwa logarithimu.

Usiruke hiyo logarithimu. Solana ilifika karibu dola 260 Novemba 2021, ikashuka hadi dola 8 hivi mwishoni mwa Desemba 2022, yaani asilimia 97 ilikwenda na maji. Kwenye kipimo cha kawaida, kila kilichotokea kati ya dola 8 na 30 kinaonekana kama mstari uliolala sakafuni. Utaapa kwamba bei imetulia. Ukibadilisha kipimo unaona kwamba ndani ya huo "utulivu" bei ilipanda mara tatu ndani ya wiki chache za Januari 2023, kisha ikapoteza nusu yake kufikia Juni. Altikoini yoyote iliyoanguka sana huonekana imeiva kwenye kipimo cha kawaida. Ni mchezo wa macho.

Hatua ya 2: Chora mstatili

Dari kwanza. Januari na Februari 2023 bei iligonga dola 26 hadi 27 na kurudi. Hapo chora ukanda, si mstari mmoja mwembamba, kwa sababu bei za altikoini hazina adabu ya kusimama kwenye namba moja.

Sakafu ilijitokeza Juni. Tarehe 5 na 6 mwezi huo, SEC, mdhibiti wa masoko ya mitaji Marekani, iliyashtaki masoko ya kripto ya Binance na Coinbase, na SOL, tokeni ya Solana, ikatajwa miongoni mwa tokeni ilizodai ni dhamana zisizosajiliwa. Siku chache baadaye bei ilizama hadi karibu dola 13 na kuokolewa haraka. Kwa hiyo mstatili wako ni 13 chini, 26 hadi 27 juu.

Sasa tafuta katikati. Kwenye logarithimu katikati si nusu ya jumla, ni kipeuo cha pili cha zao la sakafu na dari:

```
√(13 × 26) ≈ 18.4
```

Chora mstari hapo. Utauhitaji kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Chora bakuli juu ya mstatili uleule

Bakuli halina sakafu bapa. Lina mdomo wa kushoto ambapo anguko lilianzia, tumbo, na mdomo wa kulia. Mwanzoni mwa Novemba 2022 Solana ilikuwa inauzwa karibu dola 38. Kisha FTX, soko la kripto lililokuwa na mzigo mkubwa wa SOL, ikafilisika tarehe 11 mwezi huo. Mdomo wa kushoto ni hapo, kwenye 38.

Nakiri kwamba upande wa kushoto wa bakuli hili si mviringo mzuri. Pale dola 8 kuna kona kali, umbo la V kabisa. Usilazimishe mkunjo upite kwenye kila ncha. Badili chati iwe ya mstari wa bei za kufunga wiki, halafu angalia mwelekeo wa jumla: mteremko mkali, kisha bapa, kisha kupanda taratibu. Kama baada ya kuondoa vinyweleo, yaani vimistari vya juu na chini ya mishumaa, huoni mkunjo, basi bakuli halipo, fanya kazi na mstatili peke yake.

Faida ya kuwa na vyote viwili ni kwamba unapata milango miwili. Wa kwanza ni dari ya mstatili, 26 hadi 27. Wa pili ni mdomo wa bakuli, 38. Kati yao wamekaa watu walionunua kabla ya FTX kuanguka na wanasubiri kurudisha hela zao waondoke. Wauzaji hao ni wa kweli, na ndiyo sababu ya kutotia mtaji wote kwenye mlango wa kwanza.

Hatua ya 4: Pima kama msingi umeiva

Hapa ndipo kazi ilipo. Umri peke yake haunitoshi, ingawa sipendi msingi mfupi mno kuliko anguko lililouzaa. Anguko la Solana lilichukua kama miezi 13, mstatili ukachukua miezi tisa hivi. Hilo linakubalika. Msingi wa wiki sita baada ya anguko la mwaka mzima siugusi.

Cha kwanza ninachokiangalia ni wastani wa wiki 30 (`SMA 30`). Lazima uwe umeacha kushuka. Kufikia Septemba 2023 ulikuwa umelala kwenye dola 20 na kitu, na bei inauvuka juu na chini bila kuusogeza sana. Wastani ukiwa bado unainama chini, kila kupanda ndani ya mstatili ni nafasi ya wauzaji wa zamani.

Cha pili ni jinsi bei inavyopokea habari mbaya, na hiki nakithamini kuliko vyote. Linganisha mara tatu. Novemba 2022, FTX inaanguka, bei inapasuka na kufikia 8 mwishoni mwa Desemba. Juni 2023, SEC inashtaki, bei inasimama 13. Septemba 2023, soko linajua mahakama ya Delaware inaelekea kuwaruhusu wasimamizi wa FTX kuuza mali zao, zikiwemo SOL, na ruhusa inatoka tarehe 13 kwa mafungu yenye ukomo wa kila wiki. Magrupu yote yalikuwa yanalia "mzigo unamwagwa". Bei ilishuka hadi 17 na kidogo, chini tu ya mstari wetu wa katikati, ikageuka. Haikufika hata karibu na sakafu. Wauzaji wanapopewa sababu nzito ya kuuza na bado wanashindwa kuisukuma bei hadi sakafuni, ujue walio na haraka ya kuondoka wamepungua.

Cha tatu, fungua `BINANCE:SOLBTC`, yaani jozi inayoonyesha bei ya Solana kwa bitkoini. Dola inaweza kukudanganya, kwa sababu bitkoini ikipanda huzibeba altikoini nyingi, hata mbovu. Piga hesabu: Desemba 2022, dola 8 kwa bitkoini ya karibu 16,500 ni kama 0.0005. Juni 2023, dola 13 kwa bitkoini ya karibu 25,700 ni ileile 0.0005. Kwa dola, Juni ilionekana nzuri kuliko Desemba. Kwa bitkoini hakukuwa na maendeleo yoyote, bei ilirudi palepale. Mtu aliyenunua Juni akidhani msingi umeshaiva alikuwa anakisia. Septemba ndipo jozi hiyo ilisimama karibu 0.0007, juu ya viwango viwili vya chini vilivyotangulia. Kwangu tarehe ya kuiva ni hiyo, si Juni.

Kuhusu kiasi kinachouzwa, kitabuni inasemwa kipungue tumboni na kiongezeke mdomoni. Ni kweli, lakini tumia soko kubwa tu. Kwenye masoko madogo kiasi kinapikwa, na utasoma umbo lililochorwa na roboti.

Hatua ya 5: Chunguza tokeni zinazoingia sokoni

Hatua hii haipo kwenye chati za hisa, nayo ndiyo inaua misingi mingi ya altikoini mpya. Chukua mfano wa koini inayozunguka kwa dola 1, tokeni milioni 100 zikiwa mtaani. Baada ya mwaka, zilizofungwa za waanzilishi na wawekezaji zimefunguliwa, zimekuwa milioni 150. Bei bado dola 1, chati inaonyesha mstatili mzuri sana. Lakini ili bei ikae hapo, thamani yote ya koini sokoni imelazimika kuongezeka kwa nusu, na wenye tokeni mpya walizipata kwa senti. Fungua chati ya thamani yote ya koini sokoni, uilinganishe na ya bei. Kama maumbo hayafanani, soma ratiba ya kufunguliwa kwanza. Ufunguzi mkubwa ukiwa mbele, msingi haujaiva hata kama wastani umelala kama maji ya mtungi.

Hatua ya 6: Subiri wiki ifunge, halafu subiri nyingine

Tarehe 13 Julai 2023 Jaji Analisa Torres alitoa uamuzi ulioipendelea kwa sehemu kampuni ya kripto ya Ripple kwenye kesi yake na SEC, na altikoini nyingi zikaruka. SOL iligusa dola 32. Dari imetobolewa! Wiki ilipofunga bei ilikuwa imerudi kwenye ukanda wa dari, imeacha kinyweleo kirefu juu, na wiki iliyofuata ikawa ndani ya mstatili. Jozi ya bitkoini nayo haikuvuka kilele chake cha Januari.

Oktoba ilikuwa tofauti. Wiki iliyoishia tarehe 22 ilifunga karibu dola 30, iliyofuata ikafunga juu zaidi. Hakuna habari moja kubwa ya Solana iliyoisukuma, ilipanda kwa hatua. Mwanzoni mwa Novemba ikapita na 38, mdomo wa bakuli.

Mpango wangu kwa umbo hili huwa hivi: nusu ya kwanza baada ya wiki ya pili kufunga juu ya dari, nusu nyingine baada ya wiki kufunga juu ya mdomo wa bakuli. Tuseme una akaunti ya dola 500 na unakubali kupoteza dola 10 kwenye nusu ya kwanza. Umeingia kwenye 32, stoplosi ipo 24, ndani ya mstatili vya kutosha ili kinyweleo kisikutoe:

```
10 ÷ (32 − 24) = 1.25 SOL, yaani dola 40
```

Lengo la mstatili kwa logarithimu:

```
26 × (26 ÷ 13) = 52
```

Bei ilipita hapo Novemba hiyohiyo, ikagusa sehemu za 60 na kitu kabla ya kupumzika. Kwa bakuli, chukua kina cha kawaida: 38 − 8 = 30, ongeza juu ya 38 upate 68. Malengo ni mahali pa kupunguza, si ahadi. Desemba Solana ilipita dola 100 na waliouza zote kwenye 52 walibaki wakitazama.

Ukitaka kuipima njia hii kwenye koini nyingine, kumbuka kwamba Oktoba 2023 bitkoini yenyewe ilitoka 27,000 na kuvuka 34,000. Msingi ulioiva ulipata upepo. Msingi ulioiva bitkoini ikiwa inaanguka hukaa tu, au huvunjika kuelekea chini, na hapo wiki moja kufunga chini ya mstari wa katikati inanitosha kutoa nilichoweka na kufuta mchoro.