Koili kwenye mzigo wa amplifaya: panua bendi bila kudanganywa na probu

Tuchukue hatua moja ya transista, rezista ya omu 1,000 kwenye kolekta, na nyuma yake emita folowa inayopeleka ishara nje. Kinachobana bendi ni kapasitansi iliyojikusanya pale kolekta: ya transista zenyewe, nyaya na bodi. Ishara ikiruka ghafla, sehemu ya mkondo huishia kuijaza kapasitansi hiyo, sehemu hupotelea kwenye rezista. Koili ikifuatana na rezista huuzuia mkondo kwa muda mfupi usipite huko, kwa hiyo kapasitansi hujaa haraka zaidi.

1. Pima kwanza bila koili. Weka probu ya osiloskopu kwenye emita ya folowa, pandisha masafa mpaka ukuzaji ushuke desibeli 3. Mimi nilipata megahezi 8. Kwa C = 1/(2πRf), hiyo ni pikofaradi 20.

2. Kokotoa koili.

```
L = k · R² · C
```

Uamuzi wote uko kwenye k, namba unayoichagua mwenyewe. Kwa 0.25 bendi hupanuka mara 1.41 na pulsi haipitilizi kabisa kiwango chake cha mwisho. Kwa 0.414 hupanuka mara 1.72, mwitikio wa masafa ukiwa bapa, lakini pulsi hupitiliza 3.1%. Ukifika 0.5, inapitiliza 6.7%. Kwa video au pulsi za kupima ningebaki chini ya 0.414, hasa hatua zikiwa kadhaa, maana kila moja huongeza mpitilizo wake. Hapa nilichukua 0.414, ikatoka mikrohenri 8.3, dukani kuna 8.2. Bendi ikafika karibu megahezi 13.7.

3. Unga koili upande wa umeme wa kulisha, rezista ndiyo iguse kolekta. Ukigeuza, kapasitansi ya koili kwenda ardhini inaongezeka palepale unapopigania kuipunguza. Chagua koili ambayo masafa yake ya kujivumia yako mbali juu ya bendi yako, angalau mara mbili.

4. Jaribu kwa wimbi la mraba lenye ukingo wa nanosekunde 5 au chini, ukisoma tena kwenye emita ya folowa.

Kosa lililonigharimu siku nzima lilikuwa kugusa kolekta moja kwa moja. Probu ya mara 10 iliongeza pikofaradi 12 hivi, C ikawa 32, na k ikashuka yenyewe hadi 0.26. Kwenye skrini pulsi ilikuwa safi, kona zake laini. Nikatoa probu, nikafunga boksi, na hatua iliyofuata ikawa inapokea pulsi yenye nundu ya mpitilizo. Kama unashuku jambo hili, acha probu ya kwanza kwenye emita ya folowa, kisha gusisha ya pili kwenye kolekta: nundu ikitoweka ukigusa na kurudi ukiondoa, probu ndiyo iliyokuwa ikiificha. Punguza L kidogo kidogo ukitazama kwenye folowa tu.