Barua ya kazi inayodai ada: soma jina kabla ya namba ya siri

Mdogo wangu wa Mbagala juzi kaletewa barua ya ajira kwa WhatsApp: mhuri, nembo, mshahara mnono, na chini kabisa "lipa 85,000 ya fomu na vipimo leo kabla ya saa 10 jioni". Nilichomwambia ni hiki: anza kutuma pesa kwa simu kama kawaida, ila simama pale jina la mpokeaji linapotokea, kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, ghairi. Mhuri unachongwa Kariakoo, lakini laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, na kampuni haipokei pesa zake kwenye laini ya mtu. (Kwake lilitokea jina la mwanamke, wakati barua imesainiwa na "Meneja" mwanaume.)

Njia hii hushindwa wakikupa Lipa Namba, maana jina la biashara wanaweza kuliandika lifanane na la kampuni. Hapo mjibu: "Nikateni kwenye mshahara wa kwanza." Tapeli atakazana ulipe sasa hivi. Vipimo vya afya vipo kweli kwa baadhi ya kazi, ila hulipiwa hospitalini kwa risiti, si kwa afisa ajira. Kazi za serikali zinazopitia portal.ajira.go.tz haziombi ada yoyote. Ukishajua ni tapeli, tuma ujumbe wake na namba yake kwenda 15040, wafungiwe laini kabla hawajamfikia mwingine.