Somo: Shaba ikipanda, uliza kwanza nani kaipandisha

Shaba ikipanda, wengi tunasema viwanda vinaitafuta, basi tukimbilie hisa za migodi. Wakati mwingine ni kweli. Mwaka 2025 hesabu hiyo iligoma mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara ya kwanza mimi nilikuwemo. Fungueni chati twende pamoja.

Hatua ya 1: jua bei unayoiona ni ya wapi

Ukiandika `HG1!` kwenye TradingView unaletewa bei ya New York, kwa dola kwa ratili. London, kwenye soko la metali la LME, wao huandika dola kwa tani. Zidisha bei ya New York kwa 2,204.62 ndipo uzilinganishe: 4.50 ni kama dola 9,921 kwa tani. Kwa kawaida bei hizi mbili hutembea bega kwa bega.

Tarehe 8 Julai 2025 Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa shaba inayoingia Marekani. New York ikaruka kama asilimia 13 siku hiyo hiyo, London ikabaki nyuma. Mimi nilitazama New York tu, nikausoma mlima ule kuwa kazi ya viwanda, nikanunua hisa. Tarehe 30 Julai ikajulikana kwamba shaba iliyosafishwa haimo kwenye ushuru, na New York ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 20. London haikutikisika sana. Tangu hapo, nikitaka kupima mahitaji ya viwanda naanzia London. New York ikiachana nayo, natafuta habari ya ushuru au ya meli.

Hatua ya 2: tazama maghala

LME hutoa takwimu za akiba ya maghala yake kila siku ya kazi, soko la Shanghai kila Ijumaa. Anzeni na Shanghai, kwa sababu China hutumia zaidi ya nusu ya shaba ya dunia. Bei ikipanda huku akiba inapungua, kuna mtu anaichukua na kuitumia. Bei ikipanda huku akiba inajaa, anayenunua ananunua karatasi, yaani mikataba ya bei, si shaba ya kutumia.

Mei 2024 London ilivuka dola 11,100 kwa tani, rekodi ya wakati ule. Maghala ya Shanghai yalikuwa yamejaa na yakaendelea kujaa hadi Juni. Ni kawaida yajae kipindi cha mwaka mpya wa Kichina, viwanda vikifungwa, lakini kufikia Aprili huwa yameanza kupungua. Mwaka ule hayakupungua, kwa sababu wenye viwanda vya nyaya walikuwa wameikataa bei. Mwanzoni mwa Agosti shaba ilikuwa chini ya dola 9,000.

Hatua ya 3: ndipo uende kwenye hisa

Hisa ya mgodi huikuza bei ya shaba. Chukua mgodi wa kubuni unaotumia dola 6,000 kuchimba tani moja. Shaba ikiwa 9,000, faida ni 3,000. Shaba ikipanda asilimia 10 hadi 9,900, faida inakuwa 3,900, yaani imekua kwa asilimia 30. Ikishuka, kipigo nacho ni hicho hicho.

Lakini hesabu hiyo inadai mgodi uwe unachimba. Tarehe 8 Septemba 2025 tope lilifurika ndani ya mgodi wa Grasberg, Indonesia, na wafanyakazi wakapoteza maisha. Tarehe 24 Freeport, kampuni inayouendesha mgodi huo, ikatangaza kwamba haitaweza kutimiza mikataba ya kuuza. Siku ile shaba ya London ilipanda zaidi ya asilimia 3, hisa ya Freeport ikaanguka karibu asilimia 17, na ya Antofagasta, kampuni yenye migodi ya shaba Chile, ikapanda. Si kwamba viwanda viliongeza oda. Shaba ilipungua sokoni, basi, na waliobaki wakichimba ndio waliofaidi.

Kuligundua hili, gawanya hisa ya Freeport, ambayo alama yake ni FCX, kwa bei ya shaba. Andika:

```
FCX/HG1!
```

Mstari ukishuka wakati shaba inapanda New York na London pia, huenda tatizo liko ndani ya kampuni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Lubumbashi. Ya Kakula mwaka 2025 ni hesabu hiyo hiyo?*

Ndiyo, ndugu. Mei 2025 ardhi ilitikisika mgodini Kakula, maji yakaingia. Makadirio ya uzalishaji wa Kamoa-Kakula, ambayo mgodi huo ni sehemu yake, yakashushwa kwa mwaka ule kutoka tani 520,000–580,000 hadi 370,000–420,000. Hisa ya Ivanhoe, mmoja wa wamiliki wake, ilianguka kule Toronto, na haikuwa kwa sababu ya bei ya shaba.

*Kaka, hisa ya kampuni ya madini ya BHP nayo inafaa kupimia?*

Haifai sana, dada. Madini ya chuma yana sehemu kubwa ya mapato yake, kwa hiyo utakuwa unapima vitu viwili. Antofagasta iko karibu zaidi na shaba yenyewe.

*Akiba ya London ikishuka ghafla, ninunue?*

Angalia kwanza kama shaba imehamia ghala lingine. Nusu ya kwanza ya 2025 ilitoka kwenye maghala ya LME kwa wingi, na sehemu kubwa ilipakiwa kwenda Marekani kuukwepa ushuru. Ilitoka ghala moja ikaingia jingine bila kupita kiwandani.