Nguzo za MACD zikifupika, usikimbilie kuuza

Wanaoanza kutumia MACD, kiashiria cha mwenendo wa bei kwenye chati, huona nguzo za histogramu yake zinafupika juu ya sifuri, wakaamua bei inashuka. Sivyo. Nguzo haipimi bei, wala haipimi pengo la wastani mbili za bei. EMA ni wastani unaozipa bei za karibuni uzito zaidi, na pengo hilo, EMA ya vipindi 12 kutoa EMA ya vipindi 26, ndiyo laini ya MACD. Nguzo ni MACD kutoa laini ya ishara, ambayo ni EMA 9 ya MACD yenyewe.

Tazama mfano huu. Jana MACD ilikuwa 3.00, ishara 2.20, nguzo 0.80. Leo bei imefunga juu ya wastani zote mbili na MACD imepanda hadi 3.14. Lakini ishara nayo imesogea hadi 2.39, kwa hiyo nguzo imebaki 0.75. Imefupika, na MACD bado inapanda! Kilichopungua ni kasi ya kupanda tu, na aliyeuza hapo ametoka mapema mno.

Hata laini ya MACD ikikata laini ya ishara kushuka huku MACD iko juu ya sifuri, EMA 12 bado iko juu ya EMA 26. Mimi husoma laini ya MACD kwanza, nguzo baadaye.