Kitana kikianza kuuma, dawa imechelewa

Wenye kipandauso, angalieni ngozi ya kichwa. Ukichana nywele ukaumia, au miwani ikawa haivumiliki puani, ujue neva za ndani ya ubongo zimeshachachamaa, mguso wa kawaida zinausoma kama maumivu. Kwa wengi hali hii huja saa chache baada ya kichwa kuanza. Dawa za jamii ya triptani, kama sumatriptani, hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla ya hapo, maumivu yakiwa bado madogo. Baadaye mara nyingi hupunguza tu, haziyamalizi. Basi kile kitabia cha “ngoja nione kama kitazidi” ndicho kinachokuponza. Ila siku za kumeza dawa hizi zisifike 10 kwa mwezi, maana dawa nazo huzaa maumivu ya kichwa, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hazimfai.