Dr, Mr au Eng.? Kuanza barua pepe ya Kiingereza kwa cheo sahihi

Tuseme barua moja inakwenda kwa watu watatu: mhadhiri wa chuo kikuu cha Uingereza mwenye shahada ya uzamivu, daktari bingwa wa upasuaji wa London, na mhandisi wa Dodoma aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Hatua ya 1: Tafuta cheo anachokitumia mwenyewe. Angalia ukurasa wa idara yake au saini iliyo chini ya barua yake. Usikisie kwa kuangalia kazi. Marekani, wahadhiri wa ngazi nyingi huitwa Professor. Uingereza hicho ni cheo cha juu kabisa chuoni, na mhadhiri mwenye uzamivu hubaki Dr. Ukimwita Professor umempa asichonacho. Ukimwita profesa halisi Dr umemshusha, na hilo ndilo huudhi zaidi.

Hatua ya 2: Mpasuaji wa Uingereza ni Mr, Miss, Mrs au Ms. Zamani wapasuaji wa huko walijifunza kazi kwa uanagenzi, bila shahada ya chuo kikuu, kwa hiyo hawakuitwa Dr. Siku hizi wote husomea udaktari kwanza, lakini desturi imebaki: akishafaulu mitihani ya chuo cha kifalme cha wapasuaji, huiacha Dr. Ukiona Mr pamoja na FRCS, sifa ya uanachama wa juu wa chuo hicho, usimsahihishe. Mpasuaji wa Muhimbili au wa Marekani anabaki Dr.

Hatua ya 3: Eng. ni ya kwetu. Tanzania, Kenya na Uganda tunaitanguliza mbele ya jina. Uingereza na Marekani sifa hiyo hufuata jina, CEng au PE, na salamu huwa Mr au Ms. Mhandisi mwenye uzamivu ni Dr. Kama hujui ni mwanamume au mwanamke, andika majina yake mawili bila cheo.

Hatua ya 4: Cheo kimoja, kisha jina la ukoo.

```
Dear Dr Clarke, Mr Hughes and Eng. Mushi,
```

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Kwa Kiswahili “Daktari Asha” ni heshima kamili, lakini `Dear Dr Asha` kwa Mwingereza inasikika nusu rasmi, nusu ya kirafiki. Mhabeshi ni tofauti: jina lake la pili ni la baba, hivyo Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, ni Dr Abiy. Usirudie sifa pia, kama `Dear Dr Clarke, PhD`.

Nukta nayo ina kanuni. Waingereza huiacha pale kifupisho kinapoishia na herufi ya mwisho ya neno, ndiyo maana Dr na Mr hazina nukta ila Eng. inayo. Wamarekani huiweka kote. Professor iandike kwa ukamilifu kwenye salamu.

Hatua ya 5: Soma jibu. Akimalizia kwa jina lake la kwanza tu, barua inayofuata mwite hivyo.