Somo: Kuchagua mtindo wa michoro na rangi za gemu wakati timu haina mchoraji

Timu ya waandaaji programu watupu mara nyingi huokota mchoro mmoja mmoja kila unapohitajika: ukuta huku, shujaa kule, nyoka kwingine. Kila mchoro unapendeza ukiwa peke yake, lakini yote ikikutana kwenye skrini moja inagombana. Tuchukue gemu ya mfano: shujaa anayetazamwa kutoka juu, ndani ya pango, akikwepa nyoka.

Hatua ya 1: Chagua wahusika kwanza

Sakafu na kuta za bure zimejaa kila mahali. Wahusika wenye mwendo ndio adimu, kwa hiyo wao ndio waamue mtindo. Kwa mfano wetu nachukua kifurushi cha Kenney, mtengenezaji wa michoro ya bure ya gemu, kiitwacho Tiny Dungeon: vigae vya pikseli 16 kwa 16, leseni CC0 ya Creative Commons. Wahusika wake hawana picha za kutembea, basi tutawarusharusha kidogo kwa kodi ya programu kila wanapopiga hatua. Kama gemu yako haiwezi kuishi bila miguu inayotembea, tafuta kifurushi kingine sasa hivi, kabla hamjajenga chochote juu yake.

Ukishachagua, ukubwa wa pikseli na mstari wa ukingoni vinakuwa sheria. Nyoka wa 32 kwa 32 ukimpunguza hadi 16, macho yake yanapotea. Wa 8 kwa 8 ukimkuza, pikseli zake zinakuwa nene kuliko za shujaa aliye kando yake, na jicho la mchezaji huliona hilo mara moja. Mkatae hata kama ni mzuri.

Hatua ya 2: Ipe kila rangi kazi

Tumia paleti, yaani seti ya rangi, iliyokwisha tengenezwa. Sweetie 16 inapatikana kwenye tovuti ya Lospec na ina rangi 16. Nazigawa hivi: `#1a1c2c`, `#29366f`, `#333c57` na `#566c86` ni za mandhari, `#f4f4f4` na `#ffcd75` ni za shujaa na vitu vya kuokota, `#b13e53` na `#ef7d57` ni za hatari peke yake.

Sasa kuna mtego. Ukiiambia programu ibadilishe kila rangi iwe ile iliyo karibu nayo katika paleti nzima, kahawia ya mbao kama `#8b5a3c` inaangukia `#b13e53`. Sakafu yako inakuwa nyekundu, na mchezaji anaogopa kuikanyaga. Dawa ni kuipa mandhari paleti yake ndogo. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri:

```
magick xc:'#1a1c2c' xc:'#29366f' xc:'#333c57' xc:'#566c86' +append mandhari.png
magick sakafu.png +dither -remap mandhari.png sakafu-mpya.png
```

Hapo mbao inakuwa kijivu cha jiwe. `+dither` inazuia vidoa vidoa. Wahusika ni wachache na wana sehemu zinazopitisha mwanga, kwa hiyo wabadilishe kwa mkono katika LibreSprite, programu ya kuchora pikseli.

Kisha piga picha ya skrini, iondoe rangi zote, na uitazame kwa ukubwa halisi. Shujaa akizama ukutani, tatizo ni mwanga na giza. Kuongeza rangi hakutasaidia.

Hatua ya 3: Andika leseni siku ile ile unayopakua

CC0 haidai chochote. CC BY inadai umtaje mwenye kazi, uweke kiungo cha leseni, na useme kama umebadilisha. Sisi tumebadilisha rangi, kwa hiyo nyoka wa CC BY anaandikwa hivi ndani ya gemu:

```
Jina la kazi | mwenye kazi | kiungo | CC BY 4.0 | rangi zimebadilishwa
```

CC BY-ND iache kabisa: hairuhusu kusambaza kazi uliyoibadilisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gemu yetu ni ya bure ila ina matangazo. Naweza kutumia CC BY-NC?*

Usitumie, ndugu yangu. Matangazo yanakuingizia kipato, na NC inakataza matumizi ya kibiashara. Usijenge gemu juu ya ubishi huo.

*Je, CC BY-SA itanilazimisha kutoa kwa umma kodi ya programu yangu?*

Kwa kawaida hapana. Mchoro ulioubadilisha ndio unaopaswa kubaki chini ya leseni hiyo, kodi ni kazi nyingine. Ila angalia kufuli za kidijitali: leseni za CC zinazodai kutajwa, CC BY ikiwemo, haziruhusu kumzuia mpokeaji kwa kufuli kutumia haki alizopewa. Kwenye OpenGameArt, tovuti ya michoro ya bure ya gemu, kuna leseni ya OGA-BY, iliyoondoa sharti hilo.

*Kazi moja OpenGameArt imeorodheshewa leseni tatu. Nifuate zote?*

Chagua moja inayokufaa, uiandike kwenye faili lako.

*Na ukurasa ukiandika "bure" tu bila leseni?*

Huo ni mchoro usio na ruhusa iliyo wazi. Muulize mwenyewe kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi pamoja na faili. Asipojibu, tafuta mwingine.